Tairi na Tyubu ya Baiskeli: Kusoma Saizi na Kupima Upepo kwa Barabara Zenye Mashimo

Mtu anayeingia dukani mjini Bunda na kuomba "tairi ya ishirini na nane" huwa ameomba kitu ambacho bado hakijatajwa kwa ukamilifu. Muuzaji naye humpa tairi iliyoandikwa 28, fedha hulipwa, na kasoro hugundulika baadaye kwa fundi, pale tairi inapokataa kupanda kwenye rimu au inapopanda kwa urahisi unaotia shaka. Ndipo huanza ubishi: mnunuzi anadai kuwa ameuziwa tairi mbovu, muuzaji anasema kuwa fundi ameiharibu, na fundi, ambaye amekwisha kuivuta kwa bisibisi mbili, hana la kujitetea. Mara nyingi tairi haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa ya rimu nyingine.

Katika makala haya tunaeleza mambo mawili ambayo mtumiaji wa baiskeli katika Musoma, Bunda na Butiama anaweza kuyathibitisha mwenyewe kabla ya kulipa na kabla ya kuondoka na mzigo: kama tairi na tyubu ni za rimu yake, na kama upepo aliojaza unalingana na uzito anaobeba na mashimo anayopita.

Tuanze na namba. Kwenye ubavu wa tairi ya baiskeli nyeusi ya kawaida, ile yenye keria nzito na breki za fimbo, huandikwa 28 x 1½. Watu wengi hudhani kuwa 28 ni kipimo cha rimu. Sivyo. Namba hiyo ilitokana na kimo cha gurudumu zima kwa inchi, yaani rimu pamoja na tairi iliyojazwa upepo, kutoka ardhini hadi juu. Kwa kuwa kimo hicho kinaweza kupatikana kwa rimu kubwa yenye tairi nyembamba au kwa rimu ndogo yenye tairi nene, saizi mbili zinazoitwa 28 zinaweza kuwa za rimu mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 5775 huweka namba nyingine, ambayo kwa kawaida huchapwa kwa herufi ndogo karibu na ile ya inchi, na ambayo wengi hawaitazami. Kwenye tairi ya 28 x 1½ utaona 40-635. Namba ya kwanza ni unene wa tairi ikiwa imejaa upepo, kwa milimita. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali pale ambapo ukingo wa tairi, wenye waya ndani yake, hukaa juu ya rimu. Sasa tazama tairi ya 28 x 1.75, inayouzwa kwa baiskeli nyingi za kisasa: yenyewe huandikwa 47-622. Ukijumlisha rimu na unene wa pande mbili, ya kwanza ina kimo cha milimita 715 na ya pili 716. Kwa macho ni gurudumu moja. Lakini rimu zake zimetofautiana kwa milimita 13 za kipenyo, na waya wa ukingo haunyooki kama mpira.

Namba ya pili, basi, ndiyo inayotawala ununuzi wa tairi. Ikiwa tairi yako ya zamani imeandikwa 635, tafuta 635. Ikiwa ni 622, tafuta 622. Namba ya kwanza ina nafasi ya kubadilika kidogo, mradi tairi isiguse uma, breki wala bampa. Namba ya pili haina nafasi hiyo.

Saizi za 26 ndizo zinazoponza watu zaidi, kwa sababu zipo nyingi. Tairi ya 26 x 1⅜ hukaa kwenye rimu ya 590. Ya 26 x 1½ hukaa kwenye 584. Ya 26 x 1.95, ile yenye kashata kubwa inayofungwa kwenye baiskeli za gia, hukaa kwenye 559. Na hapa pana jambo ambalo mwalimu wa hesabu hawezi kulikubali kwa urahisi: 26 x 1¾ na 26 x 1.75 ni namba moja kwa hesabu, lakini ni tairi mbili zisizoingiliana. Ile iliyoandikwa kwa sehemu ni ya rimu ya 571, na ile yenye nukta ni ya rimu ya 559. Katika saizi za baiskeli, mwandiko wa sehemu na mwandiko wa nukta ni kama majina ya koo mbili.

Tofauti kubwa haina hatari sana, kwa kuwa hujitangaza yenyewe: tairi ya 590 ikiwekwa kwenye rimu ya 559 inaning'inia, na hakuna atakayeipanda. Hatari iko katika tofauti ndogo. Tairi ya 590 kwenye rimu ya 584 inaingia kwa mkono bila chuma chochote, inajazwa upepo kidogo na kuonekana imekaa. Kisha siku moja, njiani, ukingo unachomoka upande mmoja, tyubu inatoka nje na kupasuka kwa mlio, na gurudumu linabanwa. Ikiwa ni gurudumu la mbele, mwendeshaji huanguka. Kwa hiyo tairi mpya inayoingia kwenye rimu kwa urahisi mno isikufurahishe hata kidogo.

Kinyume chake ni tairi ndogo kwenye rimu kubwa, kwa mfano 622 kwenye 635. Hii haiingii, ila kwa kulazimishwa. Fundi mwenye nguvu anaweza kuivuta hadi ipande, lakini waya wa ukingo utakuwa umepinda au umekatika ndani ya mpira pasipoonekana. Dalili yake hujitokeza baada ya kujaza upepo: gurudumu likizungushwa, tairi inapanda na kushuka kama inayopita juu ya kokoto. Kila tairi ina mstari mwembamba unaozunguka ubavu karibu na rimu. Mstari huo ukiwa na umbali ule ule kutoka kwenye rimu pande zote, tairi imekaa. Ukizama sehemu moja na kuchomoza sehemu nyingine, toa upepo, rekebisha kwa mikono, ujaze tena. Usipokubali baada ya majaribio mawili au matatu, tairi si ya rimu hiyo au ukingo wake umeharibika.

Je, mtu afanyeje iwapo maandishi ya tairi ya zamani yamefutika? Aende nayo dukani. Aishike pamoja na ile mpya, ukingo juu ya ukingo, kisha azivute zote mbili kwa pamoja hadi ziwe vitanzi virefu vilivyobanwa. Upande mmoja zikilingana, atazame upande wa pili. Tairi ya 635 na ya 622 zikibanwa hivyo zitatofautiana kwa sentimita 2 hivi. Ya 590 na ya 584 zitatofautiana kwa karibu milimita 9. Tofauti hizo zinaonekana kwa jicho bila futi wala kalamu. Ni kipimo cha dakika moja, na muuzaji mwaminifu hawezi kukikataa. Tunashauri pia kwamba risiti iandikwe saizi kamili yenye namba zote mbili, si neno "tairi" peke yake, kwa maana mnunuzi anayerudi kudai kubadilishiwa bila saizi kwenye risiti huwa hana cha kuonyesha ila maneno.

Tyubu ina hukumu nyepesi zaidi. Kwa kuwa hutanuka, tyubu moja inaweza kutumika kwenye saizi kadhaa, na boksi lake hutaja mpaka wake. Tyubu ya 28 huweza kuandikwa 622/635 pamoja na unene kuanzia 28 hadi 47, maana yake inatosha rimu zote mbili tulizozitaja. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuweka tyubu ya 26 ndani ya tairi ya 28 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani. Itaingia, lakini itakuwa imevutwa na kuwa nyembamba, na kiraka kitakachobandikwa juu yake kitavutwa nacho hadi kibanduke. Tyubu kubwa mno nayo hujikunja ndani ya tairi, na mkunjo huo husuguana hadi ukatoboka. Ukifungua tairi na kukuta mstari uliopauka au uliochubuka kwenye mkunjo wa tyubu, umepata sababu.

Valvu nayo iangaliwe. Baiskeli nyingi za mizigo zina valvu ya kizamani yenye kiraba kidogo kinachofunika tundu la ndani. Kiraba hicho huganda na kupasuka kwa jua na kwa umri, na upepo ukatoka polepole bila tundu lolote kwenye tyubu. Kabla ya kukubali kuwa tyubu imekwisha, mwombe fundi atie tone la maji au mate kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitokea hapo, kinachohitaji kubadilishwa ni kiraba. Baiskeli nyingine zina valvu nene kama ya pikipiki, ambayo ina faida moja kubwa kwa mada yetu: huweza kupimwa upepo kwa gaji ya kawaida. Valvu ya kiraba haipimiki vizuri, kwa kuwa gaji ya pampu huonyesha pia nguvu inayohitajika kukifungua kiraba chenyewe. Kwa sababu hiyo tutaeleza hapa chini njia ya kupima isiyohitaji gaji.

Upepo ndio sehemu ya pili ya somo letu, na ndiyo inayogusa mfuko wa mtumiaji kila wiki. Barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Bunda kuelekea Sirari ina lami, lakini kingo za lami mara nyingi huliwa na mvua na kuacha ngazi kali, na mwendesha baiskeli ndiye anayesukumwa huko na magari. Ndani ya miji, kutoka Nyasho kwenda Bweri au Makoko, na kwenye njia za udongo zinazoingia vijijini Butiama, mashimo yamechanganyika na mawe. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, tairi hubanwa. Upepo ukiwa haba, tairi hubanwa hadi rimu igonge ukingo, na tyubu iliyo katikati hukatwa na pembe mbili za rimu kwa wakati mmoja.

Pancha ya aina hiyo ina alama yake. Ni matundu mawili mafupi yaliyokaa sambamba kama matundu ya kifungo cha shati. Ukiyaona, usimlaumu mwiba. Tundu moja upande wa nje, chini ya kashata, ndilo la mwiba, msumari au kichupa, na hapo tairi ipapaswe ndani kwa uangalifu ili kilichochoma kitolewe. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, limetokana na ncha ya spoku au utepe wa rimu uliokatika. Mpasuko kwenye shina la valvu, hasa ikiwa valvu imelala badala ya kusimama wima, unaonyesha kwamba tairi ilikuwa ikiteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo na kuivuta tyubu pamoja nayo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mtu anayeziba pancha tatu kwa wiki na kununua tyubu mpya kila mara anaweza kuwa anatibu ugonjwa asioujua. Amwombe fundi amwonyeshe tundu kabla ya kulifunika kwa kiraka.

Wengine, baada ya kupata matundu pacha mara mbili, hujaza upepo hadi tairi iwe kama jiwe. Hilo nalo lina gharama yake. Tairi ngumu mno haimezi kishindo, bali hukipeleka kwenye spoku, kwenye rimu na kwenye mgongo wa mwendeshaji. Spoku hukatika, nati hulegea, na juu ya changarawe gurudumu huteleza kwa kuwa linagusa ardhi kwa eneo dogo. Kinachotafutwa ni kiasi cha katikati, na kiasi hicho hutegemea uzito ulio juu ya kila gurudumu.

Kanuni inayotumiwa na wajuzi wengi wa baiskeli ni kwamba tairi ibonyee kwa karibu sehemu 15 katika 100 za kimo chake inapobeba uzito wake halisi. Kwa tairi ya unene wa milimita 40, hiyo ni milimita 6. Upimaji wake ni huu. Simamisha baiskeli kando ya ukuta, kwenye sakafu ngumu, na upime kwa rula kutoka ukingo wa chini wa rimu hadi sakafuni. Kisha funga mzigo, keti juu ya baiskeli miguu ikiwa kwenye pedali na mkono ukutani, na mtu mwingine apime tena mahali pale pale. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mbonyeo. Ukikuta milimita 3, toa upepo kidogo. Ukikuta 9 au 10, ongeza. Pima kila gurudumu peke yake, kwa maana la nyuma hubeba zaidi. Kubonyeza kwa kidole gumba, kama ilivyo desturi, hakutoshi: tairi yenye ubavu mnene huonekana ngumu hata inapokuwa na upepo haba.

Tuchukue mfano na kuufuata hadi mwisho. Mwendeshaji ana kilo 65, baiskeli yake kilo 20, na tairi zake ni 40-635. Bila mzigo, jumla ni kilo 85, na kwa mkao wa kawaida sehemu 6 katika 10 ziko nyuma: yaani kilo 51 nyuma na 34 mbele. Kwa mbonyeo wa milimita 6, gurudumu la nyuma litahitaji kiasi cha PSI 44 na la mbele kiasi cha 27. (Ikiwa gaji yako ina maandishi ya bar, 1 ni sawa na PSI 14.5, hivyo 44 ni karibu bar 3.) Kwa kuwa gurudumu la mbele ndilo linaloingia shimoni kwanza, na mwendeshaji huliegemea anapofunga breki, sisi tungelijaza hadi 32 au 35 na kukubali ugumu kidogo.

Sasa anafunga ndoo mbili za maji za lita 20, kilo 40, juu ya keria. Keria iko juu ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo karibu mzigo wote unakwenda nyuma, na gurudumu hilo sasa lina kilo 91. Ili libonyee milimita 6 tu lingehitaji PSI 84 hivi. Tazama ubavu wa tairi: kila tairi huandikwa mpaka wake wa juu wa PSI. Tuseme yako imeandikwa 60. Mpaka huo haupitwi, hata kama pampu ya fundi ina uwezo wa kuupita. Kwa PSI 60, tairi hii hubeba takriban kilo 67 kwa mbonyeo unaotakiwa, na kwa kilo 91 itabonyea kama milimita 8.

Maana yake ni nini kwa mwenye ndoo zake? Kwanza, ajaze la nyuma hadi 60 na asiridhike na 44 za asubuhi alipokuwa hana mzigo. Akiondoka na 44, mbonyeo utazidi milimita 10 na shimo la kwanza lenye ukingo mkali litamwachia matundu pacha. Pili, ajue kwamba hata kwa 60 bado yuko nje ya kiasi salama, hivyo kwenye mashimo apunguze mwendo hadi wa mtembea kwa miguu, au ashuke na kusukuma. Tatu, ndoo moja badala ya mbili ingempunguzia uzito wa nyuma hadi kilo 71, na hapo 60 zingekaribia kutosha. Safari mbili zina usumbufu wake, hatukatai. Lakini zipimwe dhidi ya bei ya tyubu, kiraka na rimu iliyopinda.

Wapo watakaouliza kama wangeweza kufunga tairi nene zaidi. Kwa rimu ya 559 jibu ni ndiyo, kwa kuwa tairi zake hupatikana katika unene mwingi, na tairi ya milimita 50 au zaidi hubeba uzito ule ule kwa upepo mdogo na kumeza shimo vizuri zaidi. Kwa rimu ya 635 hali ni tofauti. Tairi zake karibu zote ni za unene wa 40 au karibu na hapo, na uma wa baiskeli nyeusi hauna nafasi kubwa. Hapo mtumiaji abadilishe mzigo, mwendo au upepo. Tairi itabaki ile ile.

Tahadhari moja kuhusu mashine za upepo za mafundi wa pikipiki na magari. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo ndani yake, na mashine hiyo huijaza kwa sekunde chache hadi kupita mpaka kabla gaji haijasomwa. Akitumia mashine, fundi aguse na kuachia mara kadhaa, akitazama ule mstari wa ubavuni kila mara. Vinginevyo pampu ya mkono inatosha, na PSI 60 zinafikiwa kwa jasho la dakika chache. Upepo upimwe tena kila wiki, kwa kuwa tyubu hata isiyo na tundu huupoteza kidogo kidogo, na upimwe upya kila mzigo unapobadilika sana. Anayeshusha magunia Kiabakari na kurudi mtupu atoe upepo wa nyuma kiasi kabla ya kuanza safari ya kurudi.